Sahihisha jibu lako, usimlishe mteja maneno

Ofisini kwetu hapa Kigoma tunauza dagaa kwa wateja wa mikoani, na mimi ndiye ninayepitia baruapepe za bosi kabla hazijatumwa. Siku moja mteja wa Dodoma aliomba kilo 80, akaandika kwamba uwezo wake ni 24,000 kwa kilo. Bosi alikusudia kumjibu kwamba bei yetu ni 27,000, lakini kwenye jibu naye akaandika 24,000, mara tatu. Nilibonyeza `Ctrl+H`, nikaweka 27,000 mahali pa 24,000, nikachagua `Replace All`, nikatuma. Barua ya mteja iliyonukuliwa chini nayo ikabadilika, ikasomeka kwamba yeye ndiye aliyetaja 27,000. Alipiga simu: "Dada, mbona mnanilisha maneno?" Alikuwa na haki ya kukasirika. Tangu siku hiyo nafuata utaratibu huu, kwenye Outlook classic ya kompyuta ya Windows, si ile mpya.

Hatua ya 1: Tafuta mpaka. Kwenye jibu, barua ya mwenzako huanza pale penye mistari ya `From:`, `Sent:`, `To:` na `Subject:`. Kila kilicho chini ya hapo ni cha aliyeandika, hata kama ni barua yako mwenyewe ya wiki iliyopita, kwa sababu mwenzako alishaisoma hivyo ilivyo. Sahihi ya bosi iliyo juu ya mpaka ni sehemu ya jibu, kwa hiyo ipitie.

Hatua ya 2: Weka nakala ya kilicho chini. Kabla sijagusa neno lolote, nanakili kuanzia `From:` ya kwanza hadi mwisho, nabandika kwenye Notepad na kuhifadhi kwa jina `kabla.txt` ndani ya `Documents`.

Hatua ya 3: Zuia kikagua tahajia kisishuke. Fungua `File`, `Options`, `Mail`, kisha weka tiki kwenye `Ignore original message text in reply or forward`. Tiki hiyo inahusu ukaguzi wa tahajia tu. Haizuii `Replace All`, na hapo ndipo wengi wanaponaswa.

Hatua ya 4: Toa jibu, lisahihishe pembeni. Chagua maandishi yaliyo juu ya mpaka peke yake, yabandike kwenye ukurasa mtupu wa Word, fanya kazi yako yote huko, kisha yarudishe mahali pake. Huko `Replace All` haina cha mtu mwingine cha kuharibu. Ukilazimika kufanyia ndani ya barua yenyewe, chagua kwanza jibu ndipo ubonyeze `Ctrl+H`. Ikimaliza sehemu uliyochagua, programu itakuuliza kama iendelee na maandishi yaliyobaki. Jibu `No`.

Kuna watu hujibu katikati ya nukuu, swali kwa swali, kwa rangi nyekundu. Hapo mpaka si mmoja, na njia ya kukata juu na chini haifai. Mimi hupitia mstari mmoja mmoja mwekundu kwa mkono, bila `Replace` kabisa.

Hatua ya 5: Kosa la mwenzako liulizie juu. Hapa ndipo mkono unawasha. Mteja ameandika "asari" badala ya "asali": liache. Lakini kuna makosa yanayogusa kazi. Tuseme kwenye nukuu kuna "mzigo ufike 31 Juni", na Juni ina siku 30. Ukiigeuza kuwa 30, umemwamulia. Huenda alimaanisha 1 Julai, na treni au lori unalopanga litategemea jibu lake. Mwambie bosi, naye aongeze kwenye jibu: "Kwenye barua yako umeandika 31 Juni. Ulimaanisha 30 Juni au 1 Julai?" Tarehe ya mwanzo inabaki chini ilivyo, na swali linaonekana limetoka wapi.

Ukisambaza barua kwa mtu wa tatu, utaratibu ni huohuo: maelezo yako yanakaa juu, na barua inapita kama ilivyokuja. Kama kuna namba ya simu isiyotakiwa kumfikia, usiibadilishe tarakimu. Ondoa aya nzima na useme juu kwamba umeiondoa.

Hatua ya 6: Linganisha kabla ya kutuma. Nakili tena kuanzia `From:` ya kwanza hadi mwisho, hifadhi kwa jina `baada.txt` palepale `Documents`, kisha fungua Command Prompt:

```
cd %USERPROFILE%\Documents
fc kabla.txt baada.txt
```

Usitumie PowerShell, maana huko `fc` ni amri nyingine. Ukiona `FC: no differences encountered`, tuma. Kukiwa na tofauti, itakuonyesha mistari yenyewe, ya kabla na ya baada. Siku ile ingenionyesha 24,000 juu na 27,000 chini yake, barua ikiwa bado iko mkononi mwangu.