Rotaveta ya kuazima: pima shafti kabla ya kuburuga

Plau hutosheka na mikono mitatu ya nyuma ya trekta: miwili ya chini inayonyanyuliwa na haidroliki, na mmoja wa juu unaoiweka sawa. Rotaveta hufungwa kwenye mikono hiyo hiyo, ila visu vyake huzungushwa na shafti inayotoka kwenye PTO, ile ncha ya nyuma ya trekta inayozungushwa na injini. Shafti hiyo ni mabomba mawili, moja ndani ya jingine, ili irefuke na kufupika kila mikono inapopanda na kushuka.

Msimu mmoja, bonde la Cheju, tuliazima rotaveta iliyozoea trekta jengine kubwa zaidi, tukaifunga bila kupima. Ikiwa chini inaburuga haikuwa na neno. Kila tukifika kwenye tuta na kuinyanyua, mlio: ko! Kabla ya adhuhuri mafuta yakachuruzika kwenye sili ya PTO. Dereva akasema sili imechakaa. Kumbe shafti ilikuwa ndefu. Mabomba yaligota mwisho, yakaisukuma beringi ya trekta upande mmoja na giaboksi ya rotaveta upande wa pili.

Tukazima injini na kuchomoa ufunguo. Tuliitenganisha shafti, nusu tukaichomeka kwa trekta, nusu kwa rotaveta, tukazilaza ubavu kwa ubavu. Rotaveta iwe kwenye kimo ambacho ncha mbili zinakaribiana mno, mara nyingi pale shafti inapolala mlalo, na iwekewe magogo chini, usiiamini haidroliki. Tukakuta mabomba yamezidi sentimita 4. Juu ya hizo huongezwa sentimita 2.5 za nafasi ya kupumulia, basi tukakata 6.5 kwa msumeno wa chuma: mabomba yote mawili, na vifuniko vyake vya plastiki kiasi hicho hicho. Kisha sugua ncha kwa tupa, ufute chenga zote, upake grisi.

Usikate kwa kukisia. Ikifupika mno, mabomba huchomokana rotaveta ikishuka bondeni. Ishushe mpaka chini na utazame: bomba la ndani libaki ndani ya la nje angalau theluthi ya urefu wake.

Limebaki suala la pembe. Rekebisha mkono wa juu mpaka shafti ya giaboksi iwe sambamba na ile ya PTO, la sivyo krosi, vile viungo vya ncha mbili za shafti, zitatetemeka na kuliwa haraka. Ukifika kwenye tuta, zima PTO kwanza, ndipo unyanyue. Mwendo wa PTO ni mizunguko 540 kwa dakika. Dashibodi nyingi zina alama ya mahali pa kuiweka injini, na kuipita hakuongezi kazi ya maana.

Na vile vifuniko vya plastiki, ambavyo watu huvitupa vikipasuka, vinunue vipya. Kwa mizunguko 540, shafti huzunguka mara 9 kila sekunde. Ncha ya kanga au shati likinaswa, hakuna atakayewahi kuufikia wenzo wa kuzimia.