SOMO: Mteja akisema "nataka bango zuri", unamuuliza nini

Hili naulizwa kila mara na vijana wanaoanza kazi ya mabango, kwa hiyo naliandika hapa moja kwa moja.

1. Msalimie, mshukuru. Bei usitaje bado.

2. Uliza anachokijua yeye, kisha weka pendekezo lako ndani ya swali hilohilo. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ukiuliza "saizi gani?", atajibu "ya kawaida", na mmebaki palepale. Vipimo ni kazi yako. Yeye anajua litafungwa wapi na nani atalisoma.

Mama mmoja muuza dagaa, Igoma jijini Mwanza, aliandika: "Nataka bango zuri la duka, bei gani?" Alijibiwa hivi:

"Asante mama. Mambo mawili nikupigie hesabu sahihi. Wasomaji ni wapita njia ng'ambo ya barabara, au waliokwisha fika mlangoni? Kama ni ng'ambo, yaani kama mita 30, jina linahitaji herufi za kimo cha sentimita 25, hivyo napendekeza mita 3 kwa 1. La pili, linafungwa ukutani au kati ya nguzo mbili? Nguzoni upepo wa ziwa utalivuta, kwa hiyo nitakunja kingo na kuongeza pete za kupitishia kamba."

Akajibu: "Ng'ambo, ukutani." Bei ikatoka hapohapo.

Angalieni: kila swali lina sababu yake, na jibu lake linabadilisha kazi au bei. Swali lisilobadilisha kitu liache. Usianze na "samahani kwa usumbufu", wala usitume maswali saba kwa mafungu. Na usikisie jina la duka wala namba ya simu, hata kama unadhani unavijua.

3. Mrudishie makubaliano kwa maandishi, athibitishe, ndipo uchape.

MASWALI

Kijana wa Buzuruga: Mkuu, mita 3 kwa 1 ni shilingi ngapi?
— Somo si la bei. Rudi hatua ya 2.

Fundi Nyegezi: Mimi huuliza kumi na wateja hawakimbii.
— Sawa kaka, kama yote kumi yanabadilisha bango, uliza. Mengi ninayoyaona ni ya rangi anayoipenda, wakati kinachohitajika ni maandishi kutofautiana na mandharinyuma.

Dada Kirumba: Je, akisema "wewe ndiye fundi, fanya unavyoona"?
— Swali zuri, dada. Usimuulize tena kwa maneno. Mtumie michoro miwili inayotofautiana jambo moja tu: mmoja jina kubwa, mwingine picha ya bidhaa kubwa. Mtu asiyeweza kueleza anachotaka huweza kukataa asichokitaka, na akikataa muulize kilichomkera.

Dada Kirumba: Asante. Na nembo ikija WhatsApp imefifia?
— Usimuulize kuhusu vekta, yaani mchoro usiofifia hata ukikuzwa; neno hilo ni letu mafundi. Mwulize nani aliichora mwanzoni, kisha umwombe faili la PDF alitume kama dokumenti, maana picha ikitumwa kawaida hupunguzwa ubora. Ikikosekana, mwambie utaichora upya na uweke gharama yake mstari wa peke yake.