Omba ujumbe kwa sauti tatu, kisha usome kila mmoja kama mpokeaji

Kwenye saiba yetu huku Eastlands, kazi ya kuandikia watu ujumbe huongezeka mwisho wa mwezi, na mwingi huwa unaenda kwa mwenye nyumba. Siku hizi wateja wengi huja wakiwa tayari wameandikiwa na programu ya akili unde kwenye simu. Ujumbe huwa mzuri machoni, lakini ukimfikiria yule atakayeusoma, unaona hautampata. Hivi ndivyo tunavyofanya badala ya kuchukua jibu la kwanza. Nitatumia mfano wa mpangaji anayeuza mitumba. Kodi yake ni shilingi 14,000 na inatakiwa kufika tarehe 5, lakini mwezi huu ana 8,000 tu.

Hatua ya 1: Mwandike mpokeaji kabla ya ujumbe

Hatua hii ndiyo watu huiruka, na bila hiyo zilizobaki hazina maana. Chukua karatasi uandike unachojua juu ya mtu huyo: anakumbuka nini kukuhusu, amechoka kusikia nini, anaogopa nini, anasoma kwa simu gani. Usiandike tabia zake kama “mkali” au “mpole”. Andika mambo yaliyokwisha kutokea.

Mteja wetu aliandika hivi: mwenye nyumba ni mama wa makamo, ana ploti yenye wapangaji wengi, na hutambua watu kwa nambari ya nyumba kuliko kwa jina. “Biashara imekuwa mbaya” ameambiwa hadi haimwingii tena. Amewahi kuhamwa usiku na mpangaji aliyekuwa na deni. Anatumia kabambe, kwa hivyo ni SMS, si WhatsApp.

Jambo la kuhamwa usiku ndilo litakaloamua kila kitu.

Hatua ya 2: Funga mambo yasiyobadilika, kisha omba sauti tatu

Ukiiambia programu tu “niandikie kwa njia tatu, rasmi, kirafiki na kwa heshima”, utapata ujumbe mmoja uliovishwa salamu tatu. Utaitambua hali hiyo ukifunika salamu na shukrani kwa kidole: katikati maneno ni yaleyale. Dawa yake ni kueleza anayeandika amesimama wapi mbele ya anayeandikiwa. Pia taja yale ambayo hairuhusiwi kuyagusa. Tuliandika hivi:

```
Andika SMS kwa mwenye nyumba wangu, kwa Kiswahili cha Nairobi.
Yasibadilike: 8,000 tarehe 5, na 6,000 tarehe 20.
Sababu: mzigo wangu wa nguo ulichelewa. Usiongeze sababu nyingine.
Nipe matoleo matatu:
A: ninaomba msamaha
B: ninaeleza mpango wa malipo
C: ninaongea kama watu tunaozoeana
Kila moja lisizidi herufi 160.
```

Jina la mama, nambari yake ya simu na nambari ya nyumba hatukuweka. Hayo utayajaza mwenyewe mwishoni, maana programu haiyahitaji ili kupata sauti.

Hiyo 160 ni kiasi cha SMS moja, ukihesabu nafasi na vituo pia. Ukizidi, ujumbe hukatwa vipande. Kuna mtego hapa. Programu hizi hupenda kuweka alama za kunukuu zilizopinda au emoji, na herufi moja tu ya aina hiyo hushusha kiasi hicho hadi 70. Ukinakili, futa alama hizo uziandike upya kwa simu yako.

Hatua ya 3: Kagua ukweli kwanza, sauti baadaye

Tulipata haya:

A: “Habari mama. Nisamehe sana kwa kukusumbua. Mzigo ulichelewa na nimekwama. Naomba unionee huruma nilipe 8,000 tarehe 5 na 6,000 tarehe 20. Nisamehe mama.”

B: “Habari mama. Mzigo wangu wa nguo ulichelewa. Kodi nitailipa mara mbili: 8,000 tarehe 5 na 6,000 tarehe 20. Asante kwa kunielewa.”

C: “Mama hujambo? Mzigo ulichelewa kidogo. Tarehe 5 nakutumia 8,000, hizo zingine nikizipata tu nitakutumia. Usijali mama.”

Angalia C. Tarehe 20 imetoweka, ingawa tulikataza. Sauti ya mazoea huwa na tabia hiyo ya kulegeza ahadi, na sauti ya msamaha huongeza makosa ambayo hukufanya. Kwa hivyo linganisha tarehe na pesa za kila toleo na maagizo yako kabla hujavutiwa na uzuri wa maneno.

Hatua ya 4: Soma kama yeye, na uandike jibu lake

Usisome matatu kwa mfululizo, maana refu litaonekana bora kwa sababu tu limesema mengi. Jitumie kila moja kwa SMS, uache muda upite, ulifungue peke yake. Kabla ya kulifungua, soma karatasi ya hatua ya 1. Ukimaliza kusoma, andika chini yake maneno ambayo mama huyo angekujibu. Usijiulize kama unaupenda ujumbe. Jiulize angejibu nini.

A, kama yeye: ujumbe unaanza kwa samahani na kuishia kwa samahani, na pesa zimefichwa katikati. Mtu aliyewahi kuhamwa usiku husikia hapo mwanzo wa hadithi. Jibu lake: “Una shida gani? Nipigie.”

B: pesa na tarehe ziko wazi, moyo unatulia. Lakini “nitailipa” inamwambia uamuzi umeshapita, na nyumba ni yake. Juu ya hayo, hajui ni mpangaji yupi anayeandika. Jibu: “Wewe ni nani? Nani alikuambia unalipa mara mbili?”

C: “usijali” inamfanya ajali zaidi. Jibu: “Hizo zingine lini?”

Majibu hayo ndiyo kipimo chako. Hakuna toleo lililopata “sawa”, ila B ndilo lililo karibu, kwa kuwa maswali yake mawili yanajibika kwa maneno machache. Jambo hili ni la kawaida sana. Mara nyingi mshindi huwa ni toleo lenye kasoro ndogo ya kurekebisha, hata kama lingine lilikupendeza zaidi.

Hatua ya 5: Rekebisha mwenyewe

Usirudi kwa programu kuomba toleo la nne, kwani itaandika upya na yale yaliyokuwa sawa. Tulichukua B, tukatanguliza nambari ya nyumba (hapa nimeweka C7 kama mfano), tukageuza “nitailipa” kuwa ombi, tukamalizia kwa swali la kujibika kwa neno moja:

“Habari ya jioni mama. Ni mpangaji wa C7. Naomba kulipa kodi ya mwezi huu mara mbili: 8,000 tarehe 5 na 6,000 tarehe 20. Mzigo wangu ulichelewa. Ni sawa?”

Ni herufi 152. Itume kabla ya tarehe 5. Ikifika tarehe 6, maneno hayohayo yatasomeka kama kisingizio, hata yawe na sauti gani. Na kama mwezi uliopita uliahidi tarehe ukaivunja, acha ujumbe kabisa, piga simu au umwendee.

Akijibu kitu ambacho hukukiandika katika hatua ya 4, kwa mfano “hiyo ya tarehe 20 itatoka wapi?”, mjibu kwa ukweli, kisha uliongeze swali hilo kwenye ile karatasi. Utaihitaji tena utakapomwandikia kuhusu bomba linalovuja au depoziti.