SOMO: Kuoanisha malipo ya simu na orodha ya usajili pale watu wanapokosea namba ya kumbukumbu

Wakuu habari za saa hizi. Msimu wa semina na makongamano ndo huu, na huku kwetu kuanzia Iringa mpaka Tukuyu wengi tunakusanya ada kwa namba ya kampuni: mshiriki anajisajili, anapewa namba mfano IR047, akilipa anaiandika kwenye kumbukumbu. Shida ni kwamba kama mfumo wenu wa usajili haujaunganishwa na mtandao wa simu, chochote mtu atakachoandika pale kinapokelewa na hela inaingia.

Aliyeandika "mama Neema" au "semina" hana madhara makubwa, utaona tu kwamba hela yake haijapata mwenyewe. Wa kumuogopa ni yule aliyekosea afu kosa lake likaangukia kwenye namba ya mtu mwingine. Namba zetu zinaenda mfululizo 001 mpaka 140, kwa iyo ukigeuza tarakimu mbili tu unakuwa umemlipia mwenzio, na karatasi inasoma safi kabisa.

Chukulia mfano huu ambao nitaenda nao mpaka mwisho. Waliojisajili 140, ada 30,000. Stetimenti ina miamala 130 yenye jumla 3,960,000. Ukioanisha kwa kumbukumbu peke yake unapata watu 127 wamelipa, yaani 3,810,000. Kuna 150,000 inaelea, na ukienda hivyo getini utawazuia watu waliolipa.

Hatua ya 1: Pakua stetimenti, usiiguse

Pakua faili zima kwenye akaunti ya kampuni, tunza kama lilivyo, fanyia kazi nakala. Soma kiasi alicholipa mtu kabla ya makato. Utakachohitaji ni namba ya muamala, muda, jina la mlipaji, simu yake, kiasi na kumbukumbu. Meseji za watu na picha za skrini hazihesabiki kama malipo, meseji ya kughushi ni rahisi sana kutengeneza.

Hatua ya 2: Safisha kumbukumbu na simu

Mtu anaandika "ir 047", mwingine "IRO47" kwa herufi O. Kama kumbukumbu iko safu ya D:

```
=SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(UPPER(D2)," ",""),"O","0")
```

Simu nazo moja inaanza na 255, nyingine na 0, nyingine Excel imeshaila ile sifuri. Chukua tarakimu 9 za mwisho, huku kwenye stetimenti na kule kwenye usajili:

```
=RIGHT(SUBSTITUTE(C2," ",""),9)
```

Hatua ya 3: Dai mashahidi wawili

Hapa ndo penyewe. Usimfunge mtu, yaani usimhesabu kwamba kalipa, kwa kumbukumbu peke yake, angalia kama kumbukumbu NA simu vinamtaja mtu yuleyule. Tuseme kumbukumbu safi iko E, simu safi iko F, na kwenye karatasi ya Usajili namba iko A na simu safi iko C:

```
=COUNTIFS(Usajili!A:A,E2,Usajili!C:C,F2)
```

Ikitoa 1, funga. Ikitoa 0 angalia jina. Simu ni ya mshiriki fulani ila kumbukumbu imekosewa, mara nyingi huyo ndo mwenyewe, ila mpigie uhakikishe hakuwa anamlipia mtu. Kumbukumbu ipo kwenye orodha lakini simu na jina ni vya mtu mwingine, paka njano usifunge. Inaweza kuwa mzazi kamlipia mtoto, inaweza kuwa wakala kalipa kwa simu yake, na inaweza kuwa ndo lile kosa la kuangukia kwa jirani. Na jina la ukoo peke yake lisikutoshe, Mbeya ukiwa na kina Mwa- kumi na tano kwenye orodha na kina Sanga wa Makete juu yake unaweza kumfunga ndugu badala ya mwenyewe.

Hatua ya 4: Tengeneza karatasi ya mgao

Wengi wanaweka tiki ya "kalipa" pembeni ya jina wanamaliza. Tiki haikuambii ni hela ipi. Fungua karatasi ya tatu yenye safu nne: namba ya muamala, namba ya usajili, kiasi, sababu. Muamala mmoja wa 90,000 unakaa mistari mitatu ya 30,000 kwa watu watatu. Kwenye sababu andika kwa maneno, "kumbukumbu na simu", "amepigiwa kathibitisha".

Sasa ile 150,000. Kiongozi wa vijana kutoka Tukuyu katuma 90,000 kwa kumbukumbu yake mwenyewe, kumbe ni yeye na wenzake wawili: hapo 60,000. Wawili waliandika majina badala ya namba, simu zao zipo kwenye usajili: 60,000 nyingine. Ikabaki 30,000, na IR074 ana malipo mawili.

Haraka haraka ungesema IR074, kaka wa Mafinga, kalipa mara mbili arudishiwe. Lakini muamala wa kwanza jina na simu si vyake. Ukiona namba moja ina malipo mawili, tafuta namba inayofanana nayo ambayo haina malipo hata moja: IR047, dada wa Makambako, hana kitu, na simu ya ule muamala wa kwanza ndo ya kwake. Aligeuza 4 na 7. Ungemrudishia kaka, ungepoteza hela na dada angezuiwa getini.

Hatua ya 5: Jumla lazima ikubali

Jumla ya mgao kuongeza hela isiyo na mwenyewe lazima iwe sawa na jumla ya stetimenti. Hapa wale 127 na hawa watano tuliowapata ni watu 132, na 132 mara 30,000 ni 3,960,000, imekubali, na wasiolipa kweli ni 8. Isipokubali hata kwa 500 usiilazimishe, kuna mtu kaongeza hela ya kutolea au kuna mstari umeurudia. Hesabu namba ya muamala kwa COUNTIF, kila moja itokee mara moja kwenye stetimenti.

MASWALI

*Swali (Njombe):* Ila mkuu kama mwenye IR074 angekuwa hajalipa kabisa? Si isingeonekana malipo mawili?

*Jibu:* Kweli kabisa, ndo maana ile njano haifungwi. Malipo mawili ni dalili ya nje tu. Kinachomkamata ni simu na jina kutofanana, hata kama malipo ni moja.

*Swali (Mbeya mjini):* Nina 30,000 mbili hazina mwenyewe, nikiziweka kwenye grupu la WhatsApp watu wajitokeze?

*Jibu:* Usiweke namba ya muamala wala jina. Andika tu "kama umelipa na hujathibitishwa njoo inboksi". Akija usimsomee wewe, muache yeye asome namba ya muamala kutoka kwenye meseji yake, wewe unalinganisha na stetimenti. Ukimsomea wewe mtu yeyote atasema ndiyo.

*Swali (Tukuyu):* Muamala uliorudishwa unahesabiwaje?

*Jibu:* Utaonekana mistari miwili, wa kuingia na wa kutoka. Ondoa yote miwili kwenye mgao ila iache kwenye stetimenti, na hakikisha huyo mtu hajabaki na tiki.

*Swali (Iringa):* Mwakani tufanyeje kupunguza haya?

*Jibu:* Sisi tumeacha namba za mfululizo, kumbukumbu ni namba ya simu aliyojisajilia mshiriki, hata kama anayelipa ni baba yake. Akikosea tarakimu moja ni nadra sana iangukie kwa mshiriki mwingine, inabaki haina mwenyewe na unaiona palepale. Aliyejisajilia simu ya mwenzake mpe namba ya peke yake kwa mkono.