Mwisho wa Shutter Island: namna ya kupima maana tatu zinazogombaniwa

Kama hujaiona filamu hii ya Martin Scorsese ya mwaka 2010, kaitazame kwanza, maana hapa nautoboa mwisho wote. Nimeendesha mijadala yake mara nyingi, na kila mara watu wanagawanyika makundi matatu. Wa kwanza anasema stelingi karudi kuwa mgonjwa. Wa pili anasema alikuwa na akili timamu, akaamua mwenyewe. Wa tatu anasema wote mmedanganywa, yule ni afisa wa kweli na hospitali imemmaliza. Njia ninayotumia kuwapima ni hii.

Hatua ya 1: Tafuta nakala yenye sauti halisi

Usianze na nakala iliyotafsiriwa na dijei. Mara ya kwanza niliiona kwenye kibanda umiza, na mtafsiri alipofika kwenye sentensi ya mwisho ya stelingi akasema, "Bora nife nikiwa mtu mwema kuliko kuishi nikiwa zimwi." Tukatoka tukiwa hatuna cha kubishania.

Kumbe kwa Kiingereza ni swali, tena halina mtu ndani yake: lipi baya zaidi, kuishi kama zimwi au kufa kama mtu mwema? Hakuna "mimi" hapo. Kiswahili kinapenda kujua ni nani anayeishi na nani anayekufa, kwa hiyo mtafsiri akiandika "nikiwa" ameshakuchagulia upande. Ukilazimika kuitafsiri kwa ajili ya kikundi chako, sema "mtu kuishi kama zimwi, au kufa kama mtu mwema", na uache alama ya kuuliza.

Hatua ya 2: Andika dakika za mwisho kama zilivyo

Weka maana pembeni, andika tendo baada ya tendo. Kumbuka tulipofikia: ni mwaka 1954, kisiwani karibu na Boston, kwenye hospitali ya wahalifu wagonjwa wa akili iitwayo Ashecliffe. Juu ya mnara wa taa, Daktari Cawley amemwambia Teddy Daniels, afisa aliyekuja kumtafuta mgonjwa aliyetoweka aitwaye Rachel Solando, kwamba jina lake hasa ni Andrew Laeddis, mgonjwa wa 67, aliyemuua mkewe Dolores baada ya mke huyo kuwazamisha ziwani watoto wao watatu. Chuck, anayemdhani mwenzake kazini, ni daktari wake, Sheehan. Uchunguzi wote ulikuwa igizo la kumrudisha kwenye ukweli. Likishindikana, atapasuliwa ubongo. Andrew anakubali yote.

Asubuhi yake: Sheehan anakaa naye kwenye ngazi. Mgonjwa anamwita Sheehan "Chuck" na kusema lazima waondoke kisiwani. Sheehan anatazama walipo wakubwa wake, anatikisa kichwa kidogo, ishara ya hapana. Wahudumu wanaanza kuja. Mgonjwa anauliza lile swali, anasimama, anaondoka nao bila kusukumwa. Sheehan anaita, "Teddy?" Hageuki. Picha ya mwisho ni mnara.

Huo ndio ushahidi tulio nao. Kila maana lazima ieleze kila tendo.

Hatua ya 3: Anza na ile ya njama, kwa sababu ndiyo inayoweza kuondolewa

Wanaoitetea hutegemea pango, ambako Teddy anakutana na mwanamke anayejiita Rachel Solando wa kweli, daktari aliyetoroka, anayemwambia kwamba chakula na sigara vimetiwa dawa. Hoja nzuri. Ila angalia kilichopo kati yao: moto. Kwenye filamu hii moto huandamana na ndoto na njozi zake, na maji huandamana na ukweli asioutaka.

Ukitaka kuhakikisha, rudi kwenye mahojiano ya mgonjwa Bi. Kearns. Anaomba maji, Chuck anamletea. Anapoinua mkono kunywa, mkono ni mtupu, hakuna glasi. Sekunde chache baadaye anaweka mezani glasi iliyokwisha. Wengi hudhani ni kosa la wahariri. Mimi naisoma hivi: tunaona kwa macho ya mtu ambaye akili yake inakataa maji. Katika mahojiano hayohayo, akiulizwa kuhusu Daktari Sheehan, mama huyu anababaika na kumtupia Chuck jicho. Rudi nyuma zaidi, mwanzoni getini: Chuck anahangaika kuichomoa bastola yake kiunoni, kama mtu asiyewahi kuivaa.

Mtu wa njama anaweza kusema Chuck ni jasusi wa hospitali. Sawa. Lakini hawezi kueleza kile kichwa kinachotikiswa. Mgonjwa haangalii upande ule, kwa hiyo hakuna wa kuigiziwa, na bado sura za madaktari ni za watu walioshindwa. Walaghai waliofanikiwa hawasikitiki hivyo wakiwa peke yao. Hapo mimi huifunga hoja hii, ingawa daima kuna kijana mmoja nyuma anayeendelea kunung'unika.

Hatua ya 4: Pima maana mbili zilizobaki kwa swali moja

Swali ni hili: anapomwita Sheehan "Chuck", anaamini?

Maana ya kwamba amerudiwa na ugonjwa ina ushahidi mzito ambao watu husahau. Kule mnarani Cawley anasema walishawahi kufika hapa miezi tisa nyuma, akapona, kisha akarudi alikotoka. Kwa hiyo kuanguka upya ni jambo lenye historia. Tatizo la maana hii ni lile swali la zimwi. Teddy, afisa shujaa, hana sababu ya kujiona zimwi. Mwenye sababu hiyo ni Andrew, ambaye hakutafutia mkewe matibabu mapema na watoto wakafa. Halafu kuna jina: angekuwa anajiamini kuwa Teddy, kwa nini asigeuke akiitwa Teddy?

Usilitegemee jina peke yake, maana mtu anaweza kuitwa asigeuke kwa sababu mia. Tazama uso wa Sheehan badala yake. Anayemjua mgonjwa huyu kuliko sisi sote ndiye anayeshtuka, kana kwamba amegundua kwamba ile ishara ya kichwa aliitoa mapema mno.

Hatua ya 5: Waite waandishi, lakini mwishoni

Filamu imetokana na riwaya ya Dennis Lehane ya mwaka 2003, na sentensi ya zimwi haimo kitabuni. Iliongezwa kwenye filamu. Hilo linanivuta upande wa wanaosema aliamua mwenyewe: huongezi swali kama hilo ili tu kuonyesha mtu amechanganyikiwa tena. Lehane mwenyewe aliwahi kueleza kwamba anaiona kama mwanga wa akili wa muda mfupi tu, si mpango uliopangwa toka asubuhi.

Hii ni maana ya nne, na inasumbua kuliko zote. Kama alikuwa amerudiwa na ugonjwa kweli alipoketi ngazini, akapata fahamu katikati ya mazungumzo, basi Sheehan hakukosea alipotikisa kichwa. Alikosea sekunde kadhaa baadaye, aliposimama akaita jina bila kuwazuia wahudumu. Ukifika hapo simamisha picha kabla ya mnara, na uwaulize watu wako: daktari ameelewa nini, na kwa nini hapigi kelele?