Tangazo lako linakaa wapi? Kufuatilia kumbukumbu za orodha ya matangazo na chaneli, hatua kwa hatua

Nimekuwa katibu wa chama cha wanachama wasiozidi mia mbili kwa miaka kadhaa, na kazi yangu kubwa ni kutuma matangazo. Swali linalonirudia kila mara ni hili: mwanachama anasema hakupata taarifa, au anadai iliandikwa tarehe nyingine. Nitaonyeshaje kilichotumwa, lini, na kwa nani? Jibu linategemea ulitumia njia gani, kwa sababu orodha ya matangazo ya WhatsApp, chaneli na mazungumzo ya kawaida havihifadhi ujumbe kwa namna moja, hata kama kwenye kioo cha simu vinafanana.

Hatua ya 1: Jitumie tangazo la majaribio uone linapoangukia

Tengeneza orodha ndogo ya matangazo kwenye WhatsApp kupitia "New broadcast". Weka watu watatu unaowaamini, mmoja wao awe mtu ambaye hajaisevu namba yako. Tuma sentensi moja tu, kwa mfano "Jaribio la saa nne". Kisha funga orodha hiyo na ufungue mazungumzo yako ya kawaida na kila mmoja wa wale watatu.

Utaikuta sentensi ileile humo. Hapo ndipo siri yote ilipo: orodha ya matangazo si ukumbi ambao watu wameingia. Ni njia ya mkato ya kumwandikia kila mtu peke yake. Kwenye simu yako ujumbe unaonekana ndani ya orodha na pia ndani ya mazungumzo na kila mpokeaji. Kwa mpokeaji hakuna orodha yoyote. Kuna mazungumzo yake na wewe tu, na ujumbe umo humo pamoja na salamu za wiki iliyopita. Akijibu, jibu linakuja kwenye mazungumzo yenu wawili, halirudi kwenye orodha. Kwa hiyo ukisoma orodha peke yake miezi sita baadaye, utaona maswali yako tu bila jibu hata moja.

Yule wa tatu, ambaye hajaisevu namba yako, hatapata kitu. WhatsApp hupeleka tangazo la orodha kwa watu waliokuweka kwenye majina yao ya simu tu. Orodha moja inabeba watu 256 kwa upeo, lakini idadi hiyo haina maana kama nusu yao hawajakusevu.

Hatua ya 2: Soma taarifa za ujumbe kabla hujabishana na mtu

Ndani ya orodha, gusa ujumbe na uushikilie, kisha chagua "Info". Utaona majina chini ya "Read by" na mengine chini ya "Delivered to". Jina lisiloonekana popote ni la mtu ambaye simu yake haijaupokea: huenda hajakusevu, huenda simu imezimwa, huenda amekublock. Jina lililo kwenye "Delivered to" tu halithibitishi kwamba hakusoma, maana kuna watu wamezima tiki za bluu.

Mimi hupiga picha ya skrini ya ukurasa huu siku moja baada ya kila tangazo la mkutano. Siku moja inatosha kwa wengi kuwasha data, na picha hiyo inabaki hata ujumbe ukifutwa baadaye.

Hatua ya 3: Jua nani anashika nakala

Hapa ndipo watu wengi huchanganya mambo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwa ujumbe wa kawaida wa WhatsApp, na kwa tangazo la orodha ambalo ni ujumbe wa kawaida uliozidishwa, seva ni mpita njia. Ujumbe ukishafika kwenye simu ya mpokeaji, seva inauondoa. Usipofika, unasubiri huko ukiwa umefungwa kwa usimbaji kwa siku 30, kisha unafutwa. Kumbukumbu halisi ziko kwenye simu: moja yako, na moja kwa kila mpokeaji.

Matokeo yake ni mawili. La kwanza, hata orodha yenyewe, yaani majina uliyoyapanga, ipo kwenye simu yako na bekapu yako tu. Simu yangu iliwahi kuharibika na maji nikiwa sijawasha bekapu ya mtandaoni. Nilipoingia kwenye simu mpya, orodha zote tatu za chama zilikuwa zimepotea, pamoja na matangazo ya mwaka mzima. La pili ni habari njema: nakala za wapokeaji hazikuguswa. Nilimwomba mwanachama mmoja afungue mazungumzo yake na mimi, achague "Export chat" bila picha na video, anitumie faili la maandishi. Ndani yake kila tangazo lilikuwepo, lina tarehe na saa. WhatsApp hutoa hadi ujumbe 40,000 kwa faili lisilo na picha, kwa hiyo mwaka mmoja wa matangazo si kitu. Kumbuka tu kwamba faili hilo linabeba na mazungumzo yenu binafsi, basi lisafishe kabla hujalionyesha kwa wengine.

Kwa sababu hiyohiyo, ukifuta orodha leo, hujafuta tangazo hata kwa mtu mmoja. Na mtu uliyemwongeza kwenye orodha leo hatauona ujumbe wa jana, kwa kuwa hakuna mahali pa pamoja ambapo ule wa jana umekaa.

Kinga ni ndogo. Nenda "Settings", kisha "Chats", kisha "Chat backup", uwashe bekapu ya kila siku. Kwenye Android kuna pia bekapu ya ndani ya simu inayofanyika saa nane usiku, lakini inashika mafaili ya bekapu ya siku saba za mwisho tu, na simu ikizama maji inazama nayo.

Hatua ya 4: Kwenye chaneli, hesabu ni nyingine

Chaneli ni mahali. Kuna nakala moja, ipo kwenye seva, na wafuasi wote wanakuja kuisoma hapohapo. Ukiifuta au kuihariri, unaibadilisha kwa kila mtu.

Chaneli za WhatsApp hazina usimbaji wa mwisho hadi mwisho kama mazungumzo ya kawaida. Zilipotangazwa Juni 2023, kampuni ilieleza kwamba historia ya chaneli inahifadhiwa kwenye seva zake kwa muda usiozidi siku 30. Angalia namba hiyo isikuchanganye na ile ya hatua ya tatu. Kule siku 30 ni muda wa kumsubiri mpokeaji ambaye hajapatikana. Huku ulikuwa ni umri wa tangazo lenyewe kwenye seva. Vilevile, wafuasi wa kawaida hawaioni namba yako ya simu, nawe huna orodha ya kuonyesha kwamba fulani amesoma. Kwa chama kinachohitaji ushahidi wa nani alipewa taarifa, mimi siitumii chaneli ya WhatsApp peke yake. Naitumia kwa vikumbusho, na kila nilichoandika nakihifadhi kwenye faili langu kabla sijakituma.

Chaneli ya Telegram inahifadhi historia yote kwenye seva, na anayejiunga leo anaweza kupanda hadi tangazo la kwanza kabisa. Chaneli ikiwa ya wazi, kila tangazo lina anwani yake inayoishia na namba, kwa mfano `t.me/jinalachaneli/31`. Namba hiyo ndiyo itakayotusaidia sasa.

Hatua ya 5: Toa historia ya chaneli na utafute mapengo

Kwenye kompyuta, fungua Telegram Desktop, ingia kwenye chaneli, bonyeza vidoti vitatu juu kulia, chagua "Export chat history". Kwenye muundo wa faili chagua JSON, na usiweke mipaka ya tarehe. Utapata faili linaloitwa `result.json`.

Kila chaneli ya Telegram ina hesabu yake ya namba, inayoanza na 1 siku ilipofunguliwa. Tangazo likifutwa, namba yake haipewi tangazo jingine. Kwa hiyo pengo kwenye namba ni alama ya kitu kilichoondolewa. Weka programu hii kwenye folda ileile na uiendeshe kwa Python:

```python
import json
d = json.load(open("result.json", encoding="utf-8"))
ids = [m["id"] for m in d["messages"]]
print(sorted(set(range(1, max(ids) + 1)) - set(ids)))
```

Nilipoiendesha kwenye chaneli yetu iliyofika namba 31, ilitoa hivi:

```
[14, 22, 23]
```

Namba 14 niliikumbuka mara moja. Nilikuwa nimeandika mkutano ni Jumamosi badala ya Jumapili, nikaifuta na kuandika upya kama 15. Na huyo mwanachama aliyedai tarehe ilikuwa nyingine alikuwa anasema kweli: aliisoma 14 kabla sijaifuta. Namba 22 na 23 hazikuwa matangazo mawili. Zilikuwa picha mbili za albamu moja iliyofutwa, maana kila picha kwenye albamu hupewa namba yake. Kwa hiyo usihesabu mapengo kama matangazo kabla hujajua yalikuwa nini. Hata taarifa ndogo kama ya kubadilisha picha ya chaneli huchukua namba, na ukiifuta inaacha pengo vilevile.

Njia hii ina mpaka wake. Tangazo la mwisho kabisa likifutwa, programu haitaliona mpaka uandike jingine baada yake. Na maandishi yaliyofutwa hayamo kwenye faili. Unaona kwamba kitu kilikuwepo, huoni kilisema nini. Tangazo lililohaririwa lina sehemu iitwayo `edited` yenye muda wa mabadiliko, lakini maneno ya zamani hayapo.

Ukitaka maneno yenyewe, una saa 48. Msimamizi wa chaneli akifungua "Recent actions" ataona yaliyofutwa na yaliyohaririwa pamoja na maandishi ya awali, ila kwa siku mbili hizo tu. Tangu kisa cha namba 14, nikikosea sifuti. Naandika tangazo jipya linaloanza na neno "Sahihisho" na kulitaja la zamani kwa namba yake.

Usijaribu ukaguzi huu wa mapengo kwenye mazungumzo ya kawaida ya Telegram ya watu wawili. Kule namba zinahesabiwa kwa akaunti yako nzima, si kwa mazungumzo, hivyo ujumbe mmoja unaweza kuwa 5,210 na unaofuata 5,388 bila kitu chochote kufutwa. Zilizo katikati ni za watu wengine uliowaandikia au waliokuandikia.