Somo: Kupata mshazari wa chumba kwa tepu na hesabu ndogo

Wiki jana nilikuwa Kayole, kazi ya kuweka tailsi kwenye bedsita. Kabla hatujakoroga simiti nikamwomba kijana ninayemfundisha kazi anipigie hesabu ya mshazari, yaani mstari unaotoka kona moja ya chumba hadi kona inayoitazama. Akajumlisha ukuta mrefu na ukuta mfupi, akaniambia mita 6.3. Nikamwambia hiyo ni safari ya mende anayefuata ukuta. Mimi namtaka yule anayekata katikati ya sakafu. Somo hili nimeliandika kwa sababu yake.

Chumba chenye kona za digrii 90 ukikivutia mstari huo kinagawanyika kuwa pembetatu mbili zinazolingana. Kila moja ina kona moja ya digrii 90, na pande mbili zinazokutana kwenye kona hiyo ni urefu na upana wa chumba. Upande wa tatu, ulio mrefu kuliko hiyo miwili, ndio mshazari. Kanuni ya Pithagorasi inaziunganisha pande hizo hivi:

mshazari² = urefu² + upana²

Hiyo 2 ndogo ya juu haisemi "mara mbili". Inasema nambari ijizidishe yenyewe: 3² ni 3 × 3, yaani 9, wala si 6.

Usiikubali kwa kuwa nimesema mimi. Piga magoti kwenye sakafu yenye tailsi za mraba za sentimita 30, uchukue chaki. Tafuta mahali tailsi nne zinapokutana. Katika kila moja chora mshazari, ule usiopita kwenye hapo zinapokutana. Mistari yako minne itafunga mraba uliokaa kimshazari, na kila upande wake ni mshazari wa tailsi moja. Sasa hesabu kilichomo ndani: nusu nne, yaani tailsi mbili nzima. Kwa hiyo mraba uliojengwa juu ya mshazari unameza tailsi mbili, moja ikiwa mraba wa urefu wake na nyingine mraba wa upana wake. Hapo tailsi ni mraba, lakini kanuni inashika hata pande zikitofautiana.

Kwa namba: 30² + 30² = 1800, na nambari inayojizidisha ikatoa 1800 ni 42.43 hivi. Kuna kibao cha udongo cha Wababeli, kinahifadhiwa Chuo Kikuu cha Yale, chenye umri wa zaidi ya miaka 3,500. Kimechorwa mraba wa upande 30, na mshazari wake umeandikwa hiyo hiyo 42.43, kwa namna yao ya kuandika namba. Hapo Pithagorasi mwenyewe alikuwa bado kuzaliwa kwa zaidi ya miaka elfu.

Sasa turudi Kayole.

Hatua ya 1: pima. Urefu mita 3.4, upana mita 2.9. Pima kuta zote nne, usipime mbili ukadhani zile nyingine zinafanana. Hapa zilifanana. Na vipimo vyote viwe vya aina moja. Ukichanganya mita na sentimita jibu litakuwa kichekesho.

Hatua ya 2: zidisha kila kipimo kwa chenyewe. 3.4 × 3.4 = 11.56. 2.9 × 2.9 = 8.41.

Hatua ya 3: jumlisha. 11.56 + 8.41 = 19.97. Wengi huishia hapa wakaandika "mita 19.97". Chumba cha mita 3.4 hakiwezi kubeba mstari wa mita 20! Mshazari lazima uwe mrefu kuliko ukuta mrefu na mfupi kuliko kuta mbili zikiunganishwa. Hapa ni kati ya 3.4 na 6.3. Jibu likitoka nje ya hapo, rudi nyuma.

Hatua ya 4: tafuta kipeuo cha pili, yaani nambari inayojizidisha ikatoa 19.97. Bila kalkuleta, unabahatisha kwa akili. 4.4 × 4.4 ni 19.36, pungufu. 4.5 × 4.5 ni 20.25, imezidi. Jaribu 4.47: inatoa 19.98, imezidi kidogo mno. Basi mshazari ni mita 4.47, ukipunguza milimita moja.

Hatua ya 5 ndiyo inayonilisha: vuta tepu chumbani, kona kwa kona, mishazari yote miwili. Plasta ya konani huwa imejaa na kile kikulabu cha mwisho wa tepu hakikai vizuri, kwa hiyo mimi huweka alama ya sentimita 10 konani, kisha naondoa 10 kwenye ninachosoma. Tepu isilegee katikati.

Mshazari mmoja ulisoma sentimita 449, wa pili 444.5. Hesabu ilisema 447. Kuta hazikuwa na kosa la urefu, hivyo kona ndizo zilizopinda: mbili zimefunguka kupita digrii 90, mbili zimebanwa. Katika chumba hiki tofauti ya sentimita 4.5 ina maana ukuta mfupi umeegemea upande kama sentimita 3 kutoka mwanzo hadi mwisho wake. Ukipanga tailsi kwa kufuata ukuta mrefu, vipande vya kwenye ukuta mfupi vinaanza vipana na kuishia vyembamba kwa sentimita hizo 3. Vipande hivyo tulivisukuma upande wa kitanda.

Maswali ya wanachama

Mama Tasha: Fundi, chumba changu ni futi 10 kwa 10 na inchi 6. Nimetumia 10.6, ni sawa?

Hapana, mama. Futi ina inchi 12, kwa hiyo inchi 6 ni nusu futi: andika 10.5. Halafu 100 + 110.25 = 210.25, na kipeuo chake ni 14.5 kamili. Mshazari wako ni futi 14 na inchi 6.

Kijana wa Umoja: Kalkuleta ya simu inaniletea 14.46 kwa chumba chako cha Kayole.

Alama ya √ imeshika nambari ya mwisho peke yake. Imechukua 11.56, ikaongeza kipeuo cha 8.41, yaani 2.9. Weka mabano: √(3.4×3.4+2.9×2.9).

Otis: Mishazari ikiwa sawa, basi chumba kiko sawa?

Kama kuta zinazotazamana pia ni sawa, ndiyo. Lakini ukuta wa mbele ukiwa mfupi kuliko wa nyuma, na zile mbili za pembeni zikiwa zinabana sawasawa, mishazari italingana na kona zote zitakuwa mbovu. Ndiyo maana nikasema pima kuta zote nne.

Seremala wa Kariobangi: Nina mbao ya futi 16. Itaingia kwenye chumba cha 10 kwa 10, dari futi 9?

Ukiilaza sakafuni, haiingii: mshazari ni futi 14 na inchi 1¾ hivi. Ukiisimamisha kutoka kona ya chini hadi kona ya dari inayoitazama, rudia kanuni ile ile, mara hii mshazari wa sakafu ukiwa upande mmoja na kimo cha dari upande wa pili: 200 + 81 = 281, kipeuo futi 16.76. Inaingia. Ila utaipitishaje mlangoni, kaka, hiyo niulize nikiwa nimeuona mlango.